Chupa Imepona, Mgonjwa Bado

Mtaa wa Kongo, saa tano asubuhi. Kwenye meza ya mchuuzi kimefungwa kipaza sauti kinachorudia maneno yale yale tangu alfajiri: chai ya kijani, inasafisha damu, inafukuza sumu, inayeyusha kitambi, inazuia saratani. Chini ya kipaza sauti maboksi yamepangwa kama matofali, na juu ya kila boksi kuna muhuri wa dhahabu unaosema imethibitishwa na wanasayansi. Akina mama wananunua mawili mawili. Na mimi nimenunua moja, maana siwezi kugombana na kitu ambacho sijakishika.

Sina ugomvi na kijana wa mezani. Yeye anauza alicholetewa, kesho atauza taa za sola. Ugomvi wangu ni na aliyeupiga ule muhuri, kwa sababu ule muhuri si uongo mtupu. Ungekuwa uongo mtupu, tungeumaliza siku moja. Ni ukweli uliokatwa nusu, na nusu iliyotupwa ndiyo inayomhusu mnunuzi. Wanasayansi wamethibitisha kweli, ila walithibitisha ndani ya chupa ya maabara. Hakuna aliyesema chupa ile na shangazi yangu wa Gerezani ni kitu kimoja.

Tuanze na hiyo chupa. Kipimo kinachotajwa sana kinaitwa DPPH. Ni unga ambao ukiyeyushwa kwenye spiriti unatoa rangi ya zambarau iliyokolea. Kila chembe yake ina elektroni moja isiyo na mwenza, na chembe ya namna hiyo ndiyo inayoitwa radikali huru. Ukiidondoshea kitu chenye elektroni ya kutoa, zambarau inafifia na kuwa njano. Kinachofifisha haraka kinaitwa antioksidanti kali. Sasa katekini za majani ya chai, hasa ile kubwa inayoitwa EGCG, zimejaa vikundi vya haidroksili vinavyotoa elektroni bila ubakhili. Zambarau inakufa mbele ya macho yako, na picha inatoka nzuri.

Mwaka 2007 watafiti wa Kenya, Karori na wenzake, walizipima chai za kwao kwa kipimo hicho hicho, na chai nyeusi zikasimama bega kwa bega na za kijani. Mmea ni ule ule mmoja, wa Kericho au wa Mufindi. Jani la kijani hupigwa moto mapema ili enzaimu yake ife na katekini zibaki zilivyo, ilhali la chai nyeusi huachwa enzaimu ifanye kazi na katekini nyingi ziungane kuwa vitu vingine. Kwa hiyo hata kwa kipimo chao wenyewe, chai ya rangi ya mama ntilie haikuachwa mbali. Hilo kwenye boksi halimo.

Lakini jiulize, hiyo DPPH inakaa wapi mwilini? Haipo. Haipo kwenye damu, haipo kwenye ini, haipo popote. Na damu si spiriti. Kipimo kile kinajibu swali moja tu: je, kitu hiki kikiwekwa pembeni kabisa ya radikali hii, kwa wingi, bila mpinzani, kitatoa elektroni? Ndiyo, kitatoa. Swali la mnunuzi ni lingine: kitafika? Kitafika kingi kiasi gani? Na kikifika kitawakuta nani?

Basi tukifuatilie kikombe kimoja. Pakti ina gramu 2 za majani, tunaloweka kwenye maji ya moto mililita 200. Tuseme imetoka na miligramu 70 za EGCG, kiasi cha kawaida kwa chai iliyokolea vizuri. Wakemia hawahesabu kwa uzito, wanahesabu idadi ya chembe, kwa kipimo cha maikromoli kwa lita. Kwa hesabu hiyo kikombe chetu kina kama 760. Ni nyingi, na ndiyo maana ukikitia chupani kinafanya maajabu. Plazma ya mtu mzima, yaani ule umajimaji wa damu, ni kama lita 3. Lau miligramu zote 70 zingeingia humo na kubaki, tungepata kama maikromoli 50 kwa lita. Waliopima damu za wanywaji, saa moja na nusu au mbili baada ya kunywa, wakati EGCG ipo kileleni, wanakuta sehemu ya kumi ya maikromoli moja, au sehemu mbili. Saa chache baadaye hata hiyo inayeyuka.

Zimekwenda wapi? Njiani, ndugu yangu. Tumboni kwenye asidi zinavumilia, lakini zikishuka kwenye utumbo mwembamba ambako asidi imekwisha, nyingi zinaharibika zenyewe. Zinazopenya ukuta wa utumbo zinakutana na pampu za protini zilizopangwa kwenye seli, ambazo kazi yake ni kurudisha nje kila mgeni asiyeeleweka. Umeshaona mgambo anavyomwondoa mmachinga kwenye njia ya miguu, na mmachinga anarudi, naye anaondolewa tena? Ndivyo inavyokuwa. Zilizobahatika kupita zinafika kwenye ini, na ini halina simile: linazibandika salfeti, linazibandika asidi ya glukoroniki, linazifunga kikundi cha metili kwenye mkono ule ule uliokuwa utoe elektroni. Baada ya hapo ni safari ya nyongo na mkojo. Sehemu kubwa haiingii kabisa. Inateremka kwenye utumbo mpana na bakteria wanaikatakata vipande. Baadhi ya vipande hivyo huingia damuni, na huenda vina kazi yake, lakini sivyo vilivyoshinda mashindano ya chupani, na kwenye boksi hakuna hata kimoja kilichotajwa.

Na hizo chache zilizofika, zinakuta uwanja umeshajaa. Damu yako hivi sasa, hata kama hujanywa chochote, ina asidi yuriki kama maikromoli 300 kwa lita, na hiyo ni antioksidanti nzuri tu. Ina vitamini C kama 50 kwa anayekula matunda kidogo. Kwa hiyo kila chembe moja ya EGCG inakaa katikati ya chembe 3,000 za asidi yuriki. Chukua kikombe chetu cha chai, kimimine kwenye mapipa matatu ya lita 200 yaliyojaa maji, halafu niambie umeongeza maji. Ndani ya seli kwenyewe ulinzi ni wa enzaimu, kama katalasi, ambazo hazitoi elektroni moja na kuchoka. Chembe moja ya katalasi inavunja mamilioni ya chembe za sumu kwa sekunde. Na shangazi anaambiwa askari wake ni wale wachache waliopenya utumbo.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi, maana hili si la wachuuzi, ni la maabara. Husomwa mara kwa mara kwamba EGCG imeua seli za saratani. Tazama walivyoitia: mara nyingi maikromoli 10 hadi 100 kwa lita, yaani mara mamia ya ile ya damuni. Tena kwenye ule mchuzi wa kukuzia seli EGCG haitulii. Ndani ya nusu saa nyingi imeshaoksidika yenyewe, na ikioksidika inazalisha haidrojeni peroksaidi, dawa ile ile ya kusafishia vidonda. Barry Halliwell na wenzake waliliweka wazi mwaka 2000. Namna ya kugundua ni rahisi hadi inatia aibu: tia katalasi kwenye sahani, enzaimu inayovunja peroksaidi, uone kama seli bado zinakufa. Zikiacha kufa, basi kilichoua ni peroksaidi iliyotengenezwa na mchuzi wa mtafiti mwenyewe. Antioksidanti imegeuka kioksidishaji mle mle kwenye jaribio lililokuja kuisifu. Ripoti isiyotaja kwamba katalasi ilijaribiwa, mimi naifunga.

Mtu atasema, basi tuongeze dozi, tunywe vidonge. Wamejaribu. Huko Minnesota wanawake zaidi ya 1,000 waliokwishakoma hedhi waligawanywa, nusu wakapewa vidonge vyenye miligramu 843 za EGCG kwa siku, mwaka mzima. Kilichotazamwa ni msongamano wa matiti, dalili mojawapo ya hatari ya saratani. Kwa jumla haukupungua. Kilichobadilika ni vipimo vya ini: wenye vidonge walipandisha enzaimu za ini mara kadhaa zaidi ya wenzao. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikasema miligramu 800 kwa siku na zaidi, kwa njia ya vidonge, inatia shaka juu ya ini. Ukimeza kabla ya kula ni hatari zaidi, kwa kuwa tumbo likiwa tupu kinachoingia damuni kinapanda mara kadhaa. Na boksi la vidonge nililolikuta jirani na meza ya chai limeandikwa: tumia asubuhi kabla ya kula.

Kuhusu kitambi, mapitio ya Cochrane ya 2012 yalikuta kupungua kudogo mno kusiko na maana ya kitabibu. Kuhusu saratani, mapitio yao ya 2020, yenye tafiti 142, yalikuta matokeo yanayovutana huku na huko. Kolesteroli mbaya ndiyo hushuka, kama miligramu 5 kwa desilita. Kipo kitu, ila ni kidogo. Tuliokunywa kikombe cha Loliondo mwaka 2011 tungeshajifunza kuuliza kilichomo kinafika wapi.

Mahali ambapo katekini zimepata kibali cha dawa panachekesha. Mwaka 2006 Marekani iliidhinisha dawa ya katekini za chai ya kijani kwa vinundu vya sehemu za siri. Si ya kunywa. Ni mafuta ya kupaka, asilimia 15, moja kwa moja juu ya kinundu. Hakuna utumbo, hakuna pampu, hakuna ini. Ni chupa ya maabara iliyohamia kwenye ngozi.

Nilimweleza kijana wa Mtaa wa Kongo haya yote, polepole, huku kipaza sauti kikipiga kelele juu ya vichwa vyetu. Alinisikiliza kwa adabu, akapangusa vumbi kwenye muhuri wa dhahabu kwa kiganja. "Sawa mzee," akasema, "kwa hiyo hii ya kupaka, wanaiuza wapi kwa jumla?"