Kampuni ya Lubumbashi, mukubwa iko Ndola: kodi inalipwa wapi?

Tuchukue mfano. Ndugu mumoja Mukongomani iko na kampuni ndogo ya kamiyo tatu. Iliandikwa Lubumbashi, hisa zote ni zake. Lakini anaishi Ndola: kule njo anakubali mikataba, anasaini sheki, anapanga mishahara.

DGI inadai kodi ya faida iliyopatikana Congo. Sheria ya Zambia nayo haiulizi tu kampuni iliandikwa wapi. Inaangalia pia mahali uongozi wa kweli unafanyika. Ikikuta ni Ndola, inahesabu kampuni kuwa mukaaji wa Zambia, na faida ile ile inaweza kudaiwa mara ya pili.

Kuandika jina la kiongozi wa Lubumbashi kwa karatasi tu hakutoshi. Awe na uwezo wa kuamua, na mikutano ifanyike hapa. Sisi wafanyakazi tunaangalia hilo, kwani faida ikikatwa mara mbili, mushahara njo unachelewa.