Usijadili: Silabi Nne za Kukumbukia Vyanzo, na ya Tano Inayosahaulika

Mwanafunzi wa Kitanzania akiulizwa sababu za tukio lolote, liwe Vita vya Majimaji au mgomo wa maduka ya Kariakoo, jibu lake hupangwa katika mafungu manne: kisiasa, kiuchumi, kijamii na kidini. Amezoezwa hivyo tangu sekondari, na ili mafungu hayo yasimponyoke ndani ya chumba cha mtihani, hujitungia neno la kukumbukia. Wanaosoma kwa Kiingereza huchukua herufi za mwanzo na kuzigeuza neno. Kwa Kiswahili hila hiyo hugoma papo hapo, kwa kuwa maneno yote manne huanza na ki-, na K nne zilizopangwa mstari hazimkumbushi mtu chochote.

Dawa ni kukivua kile kiambishi na kuchukua silabi ya kwanza ya kila jina: Uchumi, Siasa, Jamii, Dini. Tunapata u-si-ja-di. Imebaki silabi moja tu litimie neno ambalo kila Mswahili analijua, nalo ni usijadili. Nimelitumia neno hili darasani kwa muda sasa, na halisahauliki, pengine kwa sababu ya kejeli iliyomo: somo zima ni mjadala, na ufunguo wake unakataza mjadala. Wanafunzi huniuliza ile li ya mwisho inasimama badala ya nini. Hilo ndilo swali ninalotaka waulize.

Kwanza tulitendee haki neno lenyewe. Wapo wenzangu wanaoziona mbinu za namna hii kuwa ukaririshaji mtupu, nami sikubaliani nao. Mtu mwenye hofu na saa ukutani hukumbuka sababu ile aliyoisikia mara ya mwisho, basi. Silabi nne humlazimisha kugeuza shingo na kutazama upande ambao asingeutazama. Neno la kukumbukia ni maswali manne yaliyofupishwa: je, umetazama uchumi, siasa, jamii, dini? Swali linaweza kujibiwa "ndiyo, nimetazama, sikuona kitu". Balaa huanza pale mwanafunzi anapoyachukua maswali kuwa majibu, akaamini kwamba kila tukio linamdai sababu nne, na kila fungu lipewe aya moja yenye urefu ule ule.

Tuchukue tukio ambalo wasomaji wengi walilishuhudia. Jumatatu tarehe 15 Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Malalamiko yao yalikuwa mengi, lakini makubwa yalihusu Mamlaka ya Mapato: agizo la kusajili stoo za kuhifadhia bidhaa, kikosi kazi cha kodi kilichokuwa kikiingia madukani, na kamatakamata ya wateja waliokuwa wakisimamishwa na kudaiwa risiti wakiwa wametoka kununua mzigo, wakiwemo wanaotoka nchi jirani. Tarehe 17 Mei Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Usajili wa stoo ukasimamishwa, kikosi kazi kikaondolewa, ikaundwa kamati ya kuyachambua malalamiko, na maduka yakafunguliwa.

Sasa mpe mwanafunzi swali: eleza sababu za mgomo huo. U: kodi ni nzito, Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18. Si: serikali ilitoa maagizo bila kuwashirikisha wahusika. Ja: wafanyabiashara walinyanyaswa. Akifika Di, anakwama. Kwa kuwa neno linamdai, atatunga: ataandika kwamba Kariakoo kuna waumini wengi na misikiti mingi, au kwamba ukusanyaji wa kodi uliingilia swala ya Ijumaa. Mgomo ulianza Jumatatu, na madai makubwa yaliyotolewa Mnazi Mmoja yalikuwa ya kodi. Droo ya dini katika tukio hili haina kitu, na kuandika "sikuona sababu ya kidini" ni jibu kamili linalostahili alama. Mtahini anayemkata mwanafunzi alama kwa kuacha fungu tupu anamfundisha kudanganya. Na katika nchi yetu kumbandikia mtu nia ya kidini asiyokuwa nayo si kosa la mtihani tu. Huweza kugeuza dai la risiti kuwa jambo la usalama.

Kosa la pili ni la mipaka. Kikosi kazi cha kodi kiwekwe wapi? Kinakusanya fedha, basi ni uchumi. Kimeundwa na dola, basi ni siasa. Kiliwadhalilisha watu mbele ya wateja wao, basi ni jamii. Nimesoma insha zilizokiweka kikosi hicho hicho katika mafungu yote matatu kwa maneno tofauti, na mwandishi akaridhika kwamba ametaja sababu tatu. Ametaja moja. Kipimo ninachopendelea ni kuuliza nani angeweza kuliondoa jambo hilo, na kwa muda gani. Linaloondoka kwa tamko la kiongozi mmoja ndani ya siku mbili, kama lilivyoondoka tarehe 17 Mei, ni la siasa hata kama linagusa fedha. Mtaji mdogo wa mwenye fremu, bei ya mzigo unaoagizwa nje, na mazoea ya mwagizaji mkubwa kumuuzia mdogo bila risiti, hayaondoki kwa tamko. Hayo ni uchumi. Kipimo hiki kina matobo yake, ila kinamzuia mtu kuhesabu mbuzi mmoja mara tatu.

Tunafika kwenye ile li. Mimi huisoma lini.

Mafungu manne hayana saa. Yanapanga sababu kama bidhaa juu ya rafu, zote mbele ya macho kwa wakati mmoja. Lakini chanzo ni jambo lililotangulia jingine, na bila tarehe hatuwezi kujua lipi lilitangulia lipi. Asilimia 18 ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ilikuwepo tangu 2009. Mashine za risiti za kielektroniki zilianza 2010, na zilileta ufungaji wa maduka wa kwao katika miaka ya 2013 hadi 2015. Kitu kilichokuwepo kwa miaka kumi na minne hakiwezi peke yake kueleza kwa nini maduka yalifungwa Jumatatu ile na si Jumatatu ya mwaka uliotangulia. Lazima tutafute kilichobadilika karibu na siku hiyo, na tukitafuta tunakutana na usajili wa stoo na kikosi kazi. Hicho ndicho kiberiti. Kodi na mazoea ya kuuziana bila risiti zilikuwa kuni, na kuni hukaa kavu muda mrefu bila kuwaka.

Ukizipanga hivyo, unaweza hata kuona mbele kidogo. Hatua za Mnazi Mmoja ziliondoa kiberiti, na maduka yakafunguliwa haraka, jambo linalothibitisha kwamba kiberiti kilitambuliwa vyema. Kuni ziliguswa kwa kiasi: katika bajeti ya mwezi uliofuata kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kusajiliwa kwa Kodi ya Ongezeko la Thamani kilipandishwa kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Hata hivyo mazoea ya mzigo usio na risiti yalibaki, na ukaguzi wa risiti barabarani ukabaki. Tarehe 24 Juni 2024 Kariakoo ilifunga tena, na safari hii mikoa mingine ikafuata. Anayesoma matukio haya mawili kwa mafungu manne atasema sababu ni zile zile. Anayesoma kwa tarehe ataona kwamba jambo moja lilikwisha Mei 2023 na jingine halikukoma, na ataijua tofauti yake.

Kuhusu jamii nina la kuongeza, kwa sababu ndilo fungu linalotendewa vibaya kuliko yote. Wanafunzi hulifanya kapu la malalamiko yaliyokosa mahali. Lakini hebu jiulize maelfu ya wenye maduka, wasiojuana wote, waliwezaje kufunga asubuhi moja. Fremu zimepakana ukuta kwa ukuta, wapangaji wa jengo moja wanajuana, ujumbe wa simu unafika mtaa wa Kongo na mtaa wa Msimbazi kabla chai haijapoa, na anayefungua peke yake anajua jirani atamtazamaje. Hayo ni ya jamii, nayo si manung'uniko. Ni njia iliyoyabeba manung'uniko. Fungu, basi, linaweza kufanya kazi mbili tofauti, kuwa kero au kuwa kibebeo cha kero, na neno letu la kukumbukia halituambii ni ipi.

Tofauti hiyo ndiyo inayotoa maana kwa dini katika Vita vya Majimaji, mahali ambapo droo ya Di imejaa kweli. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda 1898. Mashamba ya pamba ya kulazimishwa yakaanza 1902. Kinjikitile Ngwale alianza kutoa maji ya dawa pale Ngarambe 1904. Pamba ya kwanza iling'olewa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwezi Julai 1905, na Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, kabla vita havijafika Ungoni. Insha ya kawaida huandika "sababu ya kidini: imani katika maji", kana kwamba watu walipigana kwa ajili ya maji. Tarehe zinasema vingine. Kero za kwanza zilitangulia vita kwa miaka saba, na maji yakaja baadaye kuwaunganisha watu waliokuwa na kero zisizofanana, kwani Wangoni hawakuwa wamelimishwa pamba kama Wamatumbi. Dini pale ilifanya kazi ambayo jirani wa fremu na simu vilifanya Kariakoo.

Kwa hiyo darasani siku hizi mafungu huja mwisho. Kila mwanafunzi huandika jambo moja moja kwenye kikaratasi, pamoja na mwaka wake, na mwezi wake kama unajulikana. Huvipanga mezani kwa mfuatano wa tarehe bila kutaja siasa wala uchumi. Kisha huondoa kikaratasi kimoja na kuuliza: bila hiki, Jumatatu ile maduka yangefungwa? Huvirudisha na kuondoa kingine. Baada ya hapo ndipo tunapoandika U, Si, Ja au Di pembeni, na kikaratasi kinachobishaniwa hupewa herufi mbili na kuhesabiwa mara moja. Kikaratasi kinachozusha ubishi mkali zaidi ni kile cha mashine za risiti za 2010. Nusu ya darasa hukiondoa bila wasiwasi, kwa hoja kwamba ni cha zamani mno, na nusu nyingine hukataa katakata, kwa sababu bila mashine hakuna risiti ya kudaiwa barabarani.