Deni la Bodi Haliolewi

Leo nawaandikia kutoka Songea, na leo siongelei mitindo ya shela. Mimi ni fundi cherehani. Nimeishia kidato cha nne, na mkopo wa chuo sijawahi kuchukua hata shilingi. Lakini saini yangu iko kwenye fomu ya mkopo, kwa sababu mtoto wa dada yangu alihitaji mdhamini nami nikakubali.

Alimaliza chuo 2021 akiwa na deni la milioni 9. Ajira haikupatikana. Mwaka 2024 akaolewa, na siku namshonea nguo za harusi nikamuuliza, "Mwanangu, la Bodi umefikia wapi?" Akacheka. "Mama mdogo, mimi sasa ni mke wa mtu. Nitalipa nikiajiriwa. Kwanza hizo ni hela za serikali."

Neno hilo nalisikia kwa mabibi harusi wengi wanaopita kibandani kwangu, na nasema wazi kuwa ni neno baya.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu haikungojei hadi upate ajira. Unapewa miezi 24 ya kujipanga tangu umalize masomo, basi. Binti yetu miezi yake iliisha 2023, kabla hata posa haijaletwa. Ndoa haiongezi mwezi mmoja, na mume hakuoa deni lako. Ukikaa kimya, Bodi inaweza kumfuata mdhamini, kukushtaki, au kupeleka jina lako kwenye taarifa za wadaiwa wanazosoma mabenki. Siku unataka mkopo wa cherehani za umeme, unaambiwa huaminiki.

Wengine walikuwa na hoja ya riba, na hiyo naiheshimu. Zamani kulikuwa na tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kwa mwaka. Kwa deni la milioni 9 ni shilingi 540,000 kwa mwaka, sawa na 45,000 kila mwezi juu ya deni lenyewe. Palikuwa na adhabu ya asilimia 10 pia kwa aliyechelewa. Lakini Mei Mosi 2021 Rais Samia alitangaza kuifuta ile asilimia 6, na mwaka huo huo adhabu nayo ikaondolewa. Sasa kisingizio cha riba kimebaki wapi? Ulichokula ndicho unachodaiwa, na sisi tunajua deni la maiti hulipwa kabla warithi hawajagusa kitu.

Mwenye ajira hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa 700,000 unakatwa 105,000, na milioni 9 inaisha kwa miaka saba na miezi kidogo. Hapo napo fumbua macho. Mwajiri anatakiwa kuipeleka hela hiyo ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha, lakini wapo wanaokata na kukaa nayo. Slipu ya mshahara itaonyesha HESLB, wewe ukadhani umelipa. Omba Bodi taarifa ya deni lako na uilinganishe na slipu zako mwezi kwa mwezi. Ikiwa deni halipungui, peleka slipu hizo Bodi mapema, kwani ndizo ushahidi wako.

Na Bodi nayo nina ugomvi nayo. Aliyejiajiri anatakiwa kulipa asilimia 10 ya kipato, au kiasi kisichopungua shilingi 100,000 kwa mwezi. Binti yetu sasa anashona nami, na mwezi mzuri anabaki na 300,000. Mwenzake wa ofisini angekatwa asilimia 15, yaani 45,000 kwa kipato kama hicho. Yeye anaambiwa alete theluthi nzima! Aliyekosa ajira ndiye anabanwa zaidi, halafu tunashangaa wanajificha. Kiwango hicho cha chini kiondolewe, kila mtu alipe kwa asilimia ya anachopata. Wabunge wetu wa viti maalumu walibebe hili.

Lakini sheria ikiwa ngumu, dawa yake si kukimbia. Tulikaa chini, akaandika barua Bodi kueleza kipato chake, akachukua kontroo namba na kuanza na 50,000 kwa simu. Kwa mwendo huo ni miaka 15, najua. Risiti anazitunza kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Kwa hiyo bibi harusi, kabla hujaniletea kitambaa, mwambie mchumba wako deni lako ni kiasi gani, na muulize la kwake. Asikutane nalo ndani ya nyumba. Na kumbuka kuna shangazi au mama mdogo mahali aliyekuwekea saini.