Nozeli Iliyoziba: Isafishwe au Itupwe?

Printa ya 3D ya aina iliyoenea zaidi mashuleni hufanya kazi kwa namna iliyo nyepesi kueleza. Uzi wa plastiki wenye kipenyo cha milimita 1.75 husukumwa na magurudumu madogo yenye meno hadi ndani ya kipande cha alumini kilichopashwa moto. Huko huyeyuka, kisha hutokea chini kupitia nozeli, ambayo ni mdomo mdogo wa shaba ya manjano wenye tundu la milimita 0.4. Mwanafunzi ajuaye kanuni ya eneo la duara ataona kwamba eneo la uzi ni takriban mara 19 ya eneo la tundu. Kila kilichomo katika uzi, pamoja na vumbi lililoganda juu yake, hakina budi kupita katika njia hiyo nyembamba.

Nozeli inapoziba, aghalabu hutokea makundi mawili ya washauri. Kundi la kwanza husema kwamba nozeli ni kitu cha bei ndogo, kwa hiyo itupwe na kuwekwa mpya. Kundi la pili huchukua sindano na kuchokoa tundu kutoka chini. Makundi yote mawili yanakosea. Sindano huurudisha uchafu juu, nao hushuka tena baada ya dakika chache. Na mwenye kutupa nozeli pasipo kuitazama hutupa pamoja nayo ushahidi wa kilichoiharibu, hata nozeli mpya ikapatwa na maradhi yaleyale.

Njia iliyo bora ni ile ya kuvuta kwa baridi. Msingi wake ni tabia ya plastiki yenyewe. Plastiki iitwayo PLA, ambayo ndiyo itumikayo zaidi mashuleni, huchapwa kwenye joto la digrii 200 hivi za sentigredi, lakini huanza kulainika karibu na digrii 60. Kati ya mipaka hiyo miwili ipo hali ambayo plastiki haitiririki tena wala haijawa ngumu, bali ni kama raba. Inapopoa husinyaa kidogo na kulegeza mshiko wake kwenye ukuta wa nozeli, huku ikiwa imezikumbatia chembe zote za uchafu. Ikivutwa wakati huo, hutoka nzima pamoja na chembe hizo.

Kazi hufanywa hivi. Kwanza nozeli hupashwa moto hadi digrii 210, na uzi wa PLA, hasa wa rangi nyeupe ili uchafu uonekane, husukumwa kwa mkono mpaka plastiki ianze kutoka. Na kama tundu limeziba kabisa, mpaka uzi ukatae kwenda mbele. Kisha hita huzimwa, na uzi huendelea kukandamizwa polepole wakati joto linashuka, ili plastiki ijaze kila pembe ya ndani. Huachwa ipoe hadi chini ya digrii 50. Baada ya hapo hita huwashwa tena na kuwekwa kwenye digrii 90, magurudumu hulegezwa, na uzi huvutwa juu kwa nguvu moja isiyosita. Ukirefuka kama ubani unaotafunwa, joto limezidi, na uchafu umebaki ndani. Ukikataa kutoka, joto ni dogo mno. Usilazimishwe, maana utakatika, bali uongezewe digrii tano.

Hapo ndipo ilipo faida ambayo watu wengi hawaioni. Kipande kilichotoka ni chapa kamili ya sehemu ya ndani ya nozeli, na chapa hiyo husomwa kama daktari asomavyo picha ya eksirei. Chapa njema ina umbo la pia, na katika ncha yake pana kijiti chembamba kilichochukua umbo la tundu lenyewe. Ikiwa kijiti hakipo, tundu bado limezibwa. Ikiwa pana nukta nyeusi, plastiki imeungua ndani. Ikiwa pana nyuzinyuzi za kijivu, vumbi limeingia, na reli ya uzi yapasa kufunikwa. Ikiwa uzi umevimba juu zaidi, mahali panapotakiwa kuwa baridi, basi si nozeli yenye kosa, bali feni ya kupoza.

Chukua mfano wa printa iliyotumia plastiki ya ABS, inayochapwa karibu na digrii 240, kisha ikawekewa PLA na kuendeshwa kwa digrii 200. Mabaki ya ABS huwa bado mazito mno kwenye joto hilo, nayo hukaa tunduni kama kizibo. Plastiki hutoka kidogo, hupinda na kujikunja kuelekea kwenye nozeli badala ya kuanguka wima. Hapa kupasha moto hadi digrii 210 hakutoshi. Hapana budi kufika 240 kwanza, ili mabaki yalainike na kunaswa. Printa zenye mrija wa tefloni ndani ya sehemu ya moto zisizidishwe hapo, kwa kuwa tefloni ikipata moto mwingi huharibika na kutoa hewa yenye madhara. Mvuto wa kwanza hutoa ncha chafu, wa pili huwa na chembe chache, na kwa kawaida wa tatu au wa nne huwa safi.

Sasa printa ileile ipewe uzi ung'aao gizani, au uliochanganywa na nyuzi za kaboni. Chembe zilizomo ni ngumu kuliko shaba, nazo hulisugua tundu kama msasa. Baada ya muda kazi huwa chafu: pembe hazikai, mistari haishikani vizuri, na vitambi vya plastiki huning'inia. Lakini ukivuta kwa baridi, chapa hutoka safi kabisa. Hiyo ndiyo hukumu. Nozeli haikuziba, imelika, na hakuna usafishaji uwezao kurudisha shaba iliyokwisha ondoka. Kuthibitisha ni rahisi: nozeli ikiwa baridi na tupu, ijaribiwe kwa waya wa shaba wa kebo ya simu uliopimwa kuwa na milimita 0.5. Ukiingia, eneo la tundu limekua kwa zaidi ya nusu, kwa asilimia 56. Magurudumu bado yanasukuma plastiki kiasi kilekile, lakini haitoki tena kwa kasi na umbo ambalo programu ya printa inalitarajia.

Kubadilisha kuna hatari yake, na yafaa mwalimu mwenyewe aifanye kazi hiyo. Nozeli hufunguliwa ikiwa ya moto, spana moja ikishika kipande cha alumini na ya pili ikizungusha nozeli, bila kugusa nyaya za hita. Mpya hukazwa mara ya mwisho ikiwa ya moto pia. Ubaki mwanya mdogo kati ya kichwa chake na alumini, kwa kuwa nozeli hutakiwa kubana mrija ulio juu yake. Ikibana alumini kwanza, plastiki itavuja. Mwisho, umbali kati ya nozeli na meza hupimwa upya.

Sheria ifaayo karakana ya shule, basi, ni hii. Chapa ikiwa chafu, nozeli ivutwe tena. Chapa zikiwa safi mara mbili mfululizo na kazi bado ni mbaya, au ikiwa mivuto mitano haikuupata ule uchafu ulioungua na kushikamana na ukuta, nozeli itolewe, na sababu iandikwe daftarini kabla mpya haijafungwa.