Tusisifu Matao, Tusifu Vipimo

Ukitaja maji ya Warumi, wengi hukumbuka matao marefu ya mawe yaliyopandiana juu ya bonde. Matao hayo ni mazuri, wala hatuna ugomvi nayo, lakini yalikuwa sehemu ndogo ya kazi. Mfereji wa Aqua Marcia, mmojawapo wa iliyolisha jiji la Roma, ulikuwa na urefu wa kilomita 91 hivi, na karibu 80 kati ya hizo zilipita chini ya ardhi. Kwa maoni yetu, anayetaka kujua uhandisi wa kale uliweza nini na uliishia wapi aanzie huko chini. Tena si lazima aende Roma. Ushahidi mzuri kuliko wote uko Afrika, katika Aljeria ya leo.

Mji wa bandari wa Bejaia wakati huo uliitwa Saldae. Katika karne ya 2 wakazi wake walitaka maji ya chemchemi iliyokuwa milimani, safari ya kilomita 21 hivi kwa njia ya mfereji. Katikati palikuwa na mlima uliopaswa kutobolewa. Aliyepima njia ni Nonius Datus, fundi wa pimamaji wa Legioni ya Tatu Augusta, iliyokuwa na kambi yake Lambaesis. Alipima, akachora mpango, akamkabidhi mtawala wa jimbo, kisha akarudi kikosini kwake. Kazi ya kuchimba waliachiwa wengine.

Handaki la namna hii lilichimbwa kutoka pande mbili kwa wakati mmoja, kwa sababu mbele ya mwamba hawatoshi zaidi ya watu wawili watatu, na anayechimba upande mmoja tu atachukua muda maradufu. Ili wakutane, mstari ulipigwa kwanza juu ya mlima kwa nguzo kutoka upande hadi upande. Mstari huo ulishushwa kwenye midomo ya handaki, na wachimbaji wakatakiwa kuufuata gizani kwa kamba na timazi. Usawa nao ulipimwa kwa meza ndefu ya mbao yenye timazi pembeni na kijito cha maji juu yake. Vifaa hivi ni rahisi, lakini havimsamehe mzembe. Handaki la Saldae lina urefu wa meta 428. Tuseme kila kundi linapotoka meta moja tu kwa kila meta 20 linazochimba. Likifika katikati ya mlima litakuwa limekosa mstari kwa zaidi ya meta 10.

Ndivyo ilivyotokea. Miaka ilipita, na barua ikatoka Saldae kuomba Datus arudishwe. Njiani alivamiwa na majambazi, akavuliwa nguo na kujeruhiwa, akaponea chupuchupu yeye na wenzake. Alipofika alikuta watu wakiomboleza na wazo la kuacha kazi yote likizungumzwa. Walijuaje kwamba wamepotea? Kwa kujumlisha. Urefu uliochimbwa upande wa mashariki, ukiongezwa ule wa magharibi, ulikuwa umeshazidi upana wa mlima, na makundi hayajakutana. Datus alipima upya akaona kila kundi limekwenda kulia. Watu wawili wanaotazamana, kila mmoja akisogea kuliani kwake, hawakaribiani bali wanaachana. Wangeweza kuchimba hadi watokeze ng'ambo, na mlima mmoja ungebaki na mahandaki mawili yasiyo na faida.

Alichofanya ndicho kinachotuvutia. Hakutafuta njia nyingine wala hakubuni kifaa kipya. Aliupima tena mstari, akaweka alama, akampa kila mchimbaji kipande chake kinachojulikana, kisha akawashindanisha wanamaji na askari wengine waliozoea milima. Wakakutana. Maji yalipopita na mfereji kuzinduliwa, mnamo mwaka 152 hivi, ilikuwa imepita miaka 15 hivi tangu vipimo vya kwanza. Habari hizi zote zilichongwa kwenye jiwe la Datus mwenyewe, pamoja na sura za wanawake watatu: Subira, Ushupavu na Tumaini. Jiwe hilo lipo mpaka leo.

Tunaloliona Saldae ni kwamba Warumi hawakuwa na siri yoyote katika mawe. Nguvu yao ilikuwa kupima na kusahihisha, na udhaifu wao ulianza pale aliyepima alipoondoka. Ugumu wa mteremko ulikuwa wa aina hiyo hiyo. Mfereji wa Nîmes, kule kusini mwa Ufaransa, unakwenda kilomita 50 na kushuka meta 12 na nusu tu, yaani wastani wa sentimita 25 kwa kila kilomita. Ukiuinamisha zaidi, maji yanakula kuta. Ukiulaza mno, yanazubaa. Hata ulipolazwa sawasawa, maji yale yenye chokaa yaliacha magaga ukutani mwaka hadi mwaka, na yasipobanduliwa njia inazidi kuwa nyembamba. Roma ilikuwa na watumwa 700 kwa matengenezo ya mifereji yake, na bado Frontinus, aliyekabidhiwa usimamizi wa maji hayo mwaka 97, alikuta mabomba yaliyounganishwa kwa wizi.

Maji yakishaingia mjini hayakusimama. Yalitiririka mchana na usiku kwenye visima vya mitaani na bafu za umma, na yaliyozidi yakasukuma uchafu katika mifereji ya chini. Bafu zilikuwa mradi mkubwa peke yake: sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ya moto kutoka kwenye tanuri ipite chini yake, na vigae vyenye uwazi ndani ya kuta ili moto huo upande. Hapa pia kipimo kilitawala.

Lakini palipokosekana kipimo, uhandisi ulikoma. Nyumba nyingi hazikuunganishwa na mfereji wa maji taka. Zilitumia shimo la choo, mara nyingi karibu na jiko, na jambo hilo lilikuwa na sababu. Bomba lililopindwa ili libaki na maji ya kuziba harufu halikujulikana, hivyo kuunganisha nyumba na mfereji kulikuwa kukaribisha harufu, panya, na maji yenyewe mto unapofurika. Maji ya bafu nayo hayakutiwa dawa, na wagonjwa waliingia pamoja na wazima. Celsus, mwandishi wa mambo ya tiba, alionya kwamba mwenye kidonda ambacho hakijasafika asiende bafuni. Wachunguzi wa mabaki ya kale wamekuta mayai ya minyoo yangali mengi katika miji hiyo yenye bafu na vyoo vya umma. Fundi aliyeweza kuona sentimita moja ya mteremko hakuwa na njia ya kuona yai la mnyoo, na asichokiona hakukijengea kinga.

Kwa hiyo tunawaomba waandishi wa vitabu vya historia kwa shule zetu jambo moja. Picha ya matao ikibaki, iwekewe kando mchoro wa handaki la Saldae: mistari miwili iliyopotea kulia, na ule wa tatu ulioiunganisha. Mwanafunzi apewe rula na meta 428, apime mwenyewe kosa lilikuwa wapi.