Kabla Umwite Jirani Mwizi wa Waifai

Wasee, leo nataka kukiri kitu. Mwezi uliopita nilimwita kijana wa jirani mwizi, mbele ya mamake, kwa sababu ya waifai. Nilikuwa nimekosea, na ile aibu bado iko nami.

Stori ilianza na video ya harusi. Nilikuwa nimeieditia mteja, faili ya gigabaiti 2, na alitaka ifike kabla ya saa nne usiku. Nyumbani kwetu hapa Majimbo, Embu, tunalipia intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde, kwenda na kurudi. Piga hesabu: faili kama hiyo inafaa kuchukua karibu nusu saa. Saa nne ilifika ikiwa kwa asilimia 40. Ilimaliza saa saba usiku, na mteja alikuwa ameshanitumia ujumbe kwamba kazi inayofuata atampa mtu mwingine.

Kwa hasira nikafungua ruta. Kama hujawahi, ni rahisi: ukiwa kwa waifai yako, andika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 kwenye brauza. Zikikataa, angalia maelezo ya mtandao kwenye simu; ile namba iliyoandikwa Gateway ndiyo mlango. Ndani kuna ukurasa unaoitwa Connected Devices au DHCP. Kwetu ulikuwa na vifaa 14. Sisi ni watu watatu! Vingi havikuwa na jina, vimeandikwa tu Unknown.

Sasa, jirani yetu ana kijana anayetengeneza simu. Kichwani mwangu kesi ikaisha hapo hapo: fundi wa simu, waifai inaisha, vifaa visivyojulikana. Asubuhi nikaenda kwao na sauti juu. Hata nikamtajia Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kwamba kuingia mtandao wa mtu bila ruhusa ni faini ya hadi milioni 5 au jela hadi miaka 3. Akanisikiliza hadi nikamaliza. Kisha akasema polepole, "Bro, paswadi yenu ni namba ya simu ya mamako. Na namba ya mamako imeandikwa kwa rangi kwenye mlango wa duka lake."

Nilinyamaza. Ni kweli. Mum ana duka, na namba yake ya kulipia M-Pesa iko pale mlangoni kubwa kuliko jina la duka. Paswadi yetu ilikuwa inasomwa na kila mtu anayepita kwenda steji.

Nilirudi nyumbani nikafanya kile ambacho ningefanya kwanza: kuhesabu. Nilizima waifai kwa kila kifaa chetu, kimoja kimoja, nikiangalia ni kipi kinatoka kwenye orodha. Simu yangu, laptopu, simu ya mum, simu ya mdogo wangu, tivii, na tableti ya zamani iliyokuwa kwenye droo ikichaji. Hivyo ni 6. Kisha nikagundua simu ya mum na ya mdogo wangu zimeorodheshwa mara mbili kila moja. Ruta yetu inatoa majina mawili ya waifai, la kawaida na lingine linaloishia na 5G, na simu za siku hizi hujificha kwa kutumia anwani ya bandia kwa kila jina. Simu moja ikiwahi kuingia kote kuwili, inaonekana kama watu wawili mpaka ile kumbukumbu ya zamani ifutike.

Anwani hiyo ya bandia unaweza kuitambua kwa macho. Kila kifaa kina MAC Address, kitu kama DA:3F:11 na kuendelea. Angalia herufi au namba ya pili. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo ni anwani ya kubuniwa na kwa kawaida ni simu inayojificha, si mhalifu. Android hufanya hivyo yenyewe tangu toleo la 10, na iPhone tangu iOS 14. Ndiyo maana neno Unknown peke yake si ushahidi wa kitu chochote. Nusu ya wale "wezi" wangu walikuwa wanakula chakula cha jioni nami mezani.

Lakini 14 ukitoa 6 na ukitoa 2, zinabaki 6. Hizo hazikuwa zetu. Nikamuuliza mum. Akacheka, "Si ni chama?" Kumbe kila mkutano ukifanyika kwetu, wanawake huomba waifai na mum huwapa. Tena siku hizi mtu akishaingia, simu yake inaweza kuonyesha ule mraba wa kuskeni na kumpa mwingine bila hata kukuuliza. Paswadi ukishampa mmoja, umepatia wale wote anaowajua.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua kuna watu watabisha: swali la "nani ananiibia?" ni swali baya. Linakugombanisha na watu na halifungi mlango. Swali la maana ni "waliingilia wapi?" Ukilijibu hilo, hauhitaji kujua majina yao.

Wengi hukimbilia kublok kifaa kwa MAC Address. Nilijaribu. Ni kama kumkataza mtu kuingia kwa sababu ya kofia aliyovaa. Akibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye simu anapata anwani nyingine na anarudi. Wengine hubadilisha paswadi peke yake. Hilo pia nilifanya, na baada ya siku tatu watu wanne walikuwa wamerudi. Nilidhani kuna haka mkubwa Embu. Kumbe nilibadilisha kwenye lile jina la 5G tu. Jina la kawaida, la 2.4GHz, lilibaki na paswadi ya zamani, na hilo ndilo linalopenya ukuta na kufika kwa majirani. Kwenye ruta nyingi kila jina lina paswadi yake. Badilisha zote mbili.

Mpangilio wa hatua nao una maana. Anza na paswadi ya ruta yenyewe, ile ya kuingilia kwenye mipangilio, ambayo sio ile ya waifai. Yetu ilikuwa bado admin na admin, kama ilivyotoka kiwandani. Ukiiacha hivyo halafu ubadilishe ya waifai, mtu aliye ndani tayari anaweza kufungua ukurasa ule ule na kusoma paswadi mpya.

Pili, zima WPS. Hii ndiyo ile ya kubonyeza kitufe au kuweka PIN ya tarakimu 8. Tarakimu 8 zinasikika nyingi, lakini ruta hukagua nusu ya kwanza peke yake, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Kwa hivyo badala ya mamilioni ya majaribio, zinatosha 11,000. Udhaifu huu umejulikana tangu Desemba 2011, na bado ruta nyingi majumbani zinawaka na WPS. Ukiiacha hivyo, hata ubadilishe paswadi kila wiki, ule mlango wa nyuma unaweza kuwa wazi.

Tatu, ile sehemu iliyoandikwa Security Mode. Ukikuta WEP, ujue ilivunjwa tangu 2001. Ni pazia, si mlango. Ukikuta mchanganyiko wa WPA na WPA2 wenye neno TKIP, toka hapo pia, maana mbali na udhaifu, TKIP inaifunga ruta kwenye kasi ya zamani isiyozidi megabiti 54. Chagua WPA2-PSK na AES, au kama ruta yako ina chaguo la WPA2/WPA3, hilo ni zuri zaidi. WPA3 peke yake nilijaribu na tivii yetu ikakataa kabisa kuingia, kwa hivyo nikarudi kwenye mchanganyiko.

Paswadi mpya ndiyo ya mwisho. Na hapa nazungumza na Wakenya wote: acheni namba ya simu. Hata bila kusoma mlango wa duka, mtu akidaka mazungumzo ya ruta na simu wakati wa kuunganishwa kwenye WPA2, anaweza kwenda kubahatisha nyumbani kwake bila wewe kujua. Namba inayoanza na 07 ina tarakimu 8 tu za kubahatisha, yaani uwezekano milioni 100. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michezo inamaliza hizo kwa dakika chache. Yetu sasa ni maneno manne yasiyohusiana, ya Kiembu na Kiswahili, mum anayakumbuka bila kuandika popote.

Onyo moja: usibonyeze kile kitufe cha ndani cha kurisiti kwa pini ukidhani unasafisha. Kwa ruta nyingi za kampuni za intaneti, kinafuta pia mipangilio ya kukuunganisha na kampuni, na utakaa gizani ukingoja fundi.

Na chama? Mum alikataa kabisa kuwa mtu wa kunyima watu, na nadhani yuko sahihi. Niliwasha Guest Network, jina la pembeni lenye paswadi yake, na nikaliwekea kikomo cha megabiti 2. Wageni wanapata WhatsApp yao, lakini hawafiki kwenye ruta wala kwenye laptopu yangu. Mkutano ukiisha, mum anaizima kwa simu yake.

Orodha sasa ina vifaa 6, na navijua vyote. Juzi nilipandisha faili ya ukubwa ule ule kwa dakika 28. Mteja yule hakurudi, hilo nimekubali.

Kwa jirani nilienda jioni, bila sauti. Nilimwomba msamaha kijana yule, kisha nikamgeukia mamake. Yeye alinijibu kwa upole kwamba wakati mwingine niulize kwanza. Hilo haliwekwi kwenye ruta, na ndilo bado natengeneza.

Sasa wewe, kabla hujagongea mtu mlango leo: paswadi ya waifai yenu ni namba ya nani?