Neno la Mhariri: Jirani Tunayesimuliwa

Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro nchini Uganda, kusini mwa jiji la Mbarara, ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi makongwe zaidi barani Afrika. Yalianza kupokea watu karibu na mwaka 1960, wakati Watutsi walipokimbia mapinduzi ya Rwanda. Tangu hapo kila vita vya ukanda huu vimeleta watu wake: Wanyarwanda wa makundi yote, Warundi, Wakongo wa Kivu, Wasomali, Waethiopia. Wengi walipewa viwanja pamoja na wenzao wa nchi moja, kwa hiyo ukipita huko utavuka kitongoji cha Wakongo na kuingia cha Wasomali au cha Warundi bila kuvuka zaidi ya njia ya vumbi. Watu ambao kwao wamepigana hapa huteka maji kwenye bomba moja na husimama kwenye foleni moja ya mgao. Swali la toleo hili linaanzia hapo. Mtu anayeishi pua na mdomo na jirani wa kundi hasimu humjua jirani huyo kwa lipi: kwa anayoyaona kila siku, au kwa anayosimuliwa na redio na simu? Hoja yangu ni kwamba mapenzi ya mtu kwa kundi lake hayatoshi kuzaa chuki. Simulizi ndiyo inayoyageuza mapenzi hayo kuwa silaha, na hufanya hivyo zaidi kwa kumwonyesha mtu wenzake wanafikiri nini kuliko kwa kumbadilisha moyo.

Nadharia ya utambulisho wa kijamii iliasisiwa na Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyekuwa mateka wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Pili, na ambaye baada ya vita alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Alitaka kujua ni kitu gani kidogo kabisa kinachotosha kumfanya mtu ampendelee mwenzake na kumnyima mwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, huko Bristol, Uingereza, aliwagawa wavulana wa shule katika makundi kwa vigezo visivyo na maana yoyote, kama vile nani alikisia idadi ya nukta kwa wingi na nani kwa uchache. Wavulana hawakuambiwa nani yumo katika kundi lipi zaidi ya wao wenyewe, na hakuna aliyejigawia chochote. Kisha kila mmoja aligawa pointi za fedha kwa wawili asiowajua. Katika jedwali moja angeweza kumpa wa kundi lake 19 na wa kundi jingine 25, au kumpa wake 7 na mwingine 1. Busara ya kawaida ingesema 19 ni bora kuliko 7. Hata hivyo wavulana walivutwa upande wa pili: wengi walikubali kundi lao lipate pungufu ilimradi lizidi lile jingine. Tajfel na mwanafunzi wake John Turner walieleza baadaye kwamba sehemu ya heshima ya mtu hutoka katika kundi analojihesabia, na kundi hupata thamani yake kwa kulinganishwa na jingine.

Wengi huishia hapo na kuhitimisha kwamba binadamu akijipenda lazima amchukie mwingine. Ushahidi mzito unaopinga hitimisho hilo ulikusanywa hapa kwetu. Mwaka 1965 watafiti waliwahoji watu 1,500 wa makabila 30, kumi kutoka kila moja ya nchi tatu za Uganda, Kenya na Tanzania, na Marilynn Brewer na Donald Campbell wakachapisha matokeo mwaka 1976. Waliuliza mambo ya kawaida: nani mwaminifu, nani mpole, ungekubali nani awe jirani yako, au aoe katika ukoo wako. Karibu kila kabila lilijipa alama za juu katika uaminifu. Lakini kiwango cha kujisifu hakikutabiri kiwango cha kuwaepuka wengine. Kabila lingeweza kujivuna sana na bado likawakaribisha majirani zake, na jingine likajisifu kidogo huku likiwa kali kwa wageni. Mapenzi kwa walio wetu na uadui kwa wasio wetu ni mambo mawili. Yakikutana, kuna kitu kimeyakutanisha.

Kitu hicho mara nyingi ni hadithi ya tishio. Redio RTLM ya Rwanda, iliyoanza kutangaza Julai 1993, haikuwafundisha Wahutu kujipenda. Ilifanya kazi ya kumfunga jirani na jeshi: RPF ilikuwa imevuka mpaka kutoka Uganda Oktoba 1990, na redio ikarudia kwamba Mtutsi wa mlima wa pili, asiyewahi kushika bunduki, ni mshirika wa jeshi hilo. Hatari iliyokuwa na mahali pake, yaani uwanja wa vita, ikahamishiwa kwenye nyumba inayoonekana ukiwa mlangoni. Waliokimbilia Nakivale baada ya hapo, waliowindwa na pia wale ambao uwindaji ulifanywa kwa jina lao, wanaijua vizuri hadithi ya namna hiyo.

Hapa pana pingamizi la haki. Mtafiti Scott Straus, aliyewahoji wafungwa wengi wa Rwanda waliokiri kuua katika mauaji ya kimbari, aligundua kwamba wengi wao walivutwa na watu wa karibu, yaani viongozi wa mtaa, vijana wenzao na waliokuja kubisha hodi, na si redio. Anaonya kwamba tunaipa redio uwezo wa kichawi. David Yanagizawa-Drott alilinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na vile vilivyozibwa na milima, akakadiria kwamba kama asilimia 10 ya ushiriki katika mauaji inaweza kuhusishwa na matangazo hayo. Nayasoma matokeo hayo pamoja bila kuyaona yakigombana. Sehemu kubwa ya uovu ilitoka kwingine, katika dola, vita na shinikizo la watu wa karibu. Lakini shinikizo hilo hufanya kazi pale tu mtu anapoamini kwamba wenzake wote wanakubali, na hilo ndilo redio hulitangaza kila inapomtukana mtu hadharani bila kukemewa.

Jaribio lililonishawishi zaidi linatoka Rwanda hiyohiyo. Mchezo wa redio Musekeweya ulianza mwaka 2004, ukisimulia mgogoro wa vijiji viwili vya kubuni na vijana waliokataa kufuata wachochezi. Elizabeth Levy Paluck aliweka vikundi vya wasikilizaji kwa mwaka mmoja, vingine vikisikiliza Musekeweya na vingine mchezo wa afya. Mwishoni imani binafsi za wasikilizaji zilikuwa karibu palepale. Kilichobadilika ni picha yao ya jamii: walioufuata Musekeweya waliona zaidi kwamba watu wa kwao huoana na makabila mengine, na kwamba kupinga jambo hadharani si kosa. Matendo yao nayo yalibadilika. Kila kikundi kilipopewa redio na kaseti, wale wa mchezo wa afya waliona rahisi zaidi kumkabidhi kiongozi wa mtaa azitunze, ilhali wale wa Musekeweya walijadiliana zaidi wao kwa wao jinsi ya kuzitumia kwa zamu.

Ingekuwa vyema hadithi iishie hapo, lakini Paluck alivuka mpaka. Mashariki mwa Kongo kulikuwa na mchezo wa Kiswahili, Kumbuka Kesho, wenye nia hiyohiyo njema. Katika baadhi ya maeneo ukafuatiwa na kipindi cha mjadala kilichowahimiza wasikilizaji wazungumze. Walizungumza kweli, zaidi ya wengine. Ila walitoka wakiwa na manung'uniko zaidi na uvumilivu kidogo, na walipopewa chumvi na kuulizwa kama wangetoa sehemu yake kwa watu wa kundi wasilolipenda, walikuwa wagumu zaidi kutoa. Nadhani mjadala usio na mwongozo ulimpa kila mmoja nafasi ya kugundua kwamba wenzake wana hasira kama yeye. Kwa kila kituo cha Mbarara kinachofungua simu kwa wasikilizaji na kuuliza wenyeji wana maoni gani kuhusu wakimbizi na ardhi, matokeo hayo ya chumvi yanafaa kubandikwa studioni.

Ardhi yenyewe ni pingamizi la pili, na zito. Huko Isingiro wenyeji na wakimbizi wanagombea mashamba na malisho, na mifugo ikiingia kwenye mahindi hakuna haja ya mtangazaji ili watu wakasirike. Ni kweli. Lakini ugomvi wa ng'ombe na mahindi una njia nyingi za kugawa watu: wafugaji na wakulima, matajiri na maskini, waliotangulia na waliofuata, raia na wageni. Historia ya Ankole inaonyesha mstari unavyochaguliwa. Mwaka 1982, vijana wa chama tawala cha UPC na viongozi wa wilaya walipowafukuza Wanyarwanda, makumi ya maelfu ya watu walisukumwa kuelekea mpaka wa Rwanda au makazi kama Nakivale. Waliofukuzwa walikuwamo watu waliokaa vizazi Uganda, na hata Wahima wa hapohapo. Ardhi na ng'ombe vilivyoporwa vilikuwa vya kweli. Neno lililowaunganisha wakimbizi, wahamiaji wa zamani na wenyeji wafugaji kuwa adui mmoja wa kisiasa ndilo lililotungwa.

Je, mhariri atamtambuaje mtungaji mezani kwake? Anne Maass na wenzake, waliochunguza mashindano ya mitaa huko Ferrara, Italia, na kuchapisha mwaka 1989, wanatupa kipimo kinachotumika. Tendo baya la mtu wetu tunalieleza kama tukio: alimpiga mtu. Tendo hilohilo la mtu wa upande wa pili tunalieleza kama tabia: ni wakatili. Tukio lina siku na mahali, na linaweza kukanushwa. Tabia haina mwisho, na kila mwenye jina hilo hubeba lawama. Chukua habari ya M23 kuiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025, ilipowafikia Wakongo wa Nakivale. Taarifa inayosema wapiganaji wa M23 wameingia mjini inahusu jeshi. Ujumbe unaosema watu wanaozungumza Kinyarwanda ni wavamizi unamhusu mama anayeuza nyanya sokoni. Vivyo hivyo, ujumbe unaosema kabila fulani ni wauaji kwa sababu vijana wake wamejiunga na Wazalendo unamhukumu mtoto wa shule. Anayehariri habari atazame nomino: kama tendo lina mtendaji anayejulikana, amtaje huyo, na jina la watu wote libaki nje hadi lielezee kitu ambacho bila hilo hakieleweki.

Hata kipimo hicho kina mpaka. Jaribio la Paluck la Rwanda liliwakusanya watu pamoja, wakasikia na kuona nyuso za wenzao. Ujumbe wa sauti unaofika kwenye simu Nakivale hauna mhariri. Huja kwa sauti ya mjomba au shemeji aliyebaki Masisi au Uvira, husikilizwa mtu akiwa peke yake au katika kundi la WhatsApp la watu wa kwao tu, na imani katika sauti ya ndugu hutangulia imani katika taarifa. Anayeusikiliza hana njia ya kujua kama jirani wa ng'ambo ya njia naye amepata wake, unaomtaja yeye. Ndiyo maana makala za toleo hili zimeiacha redio nyuma kidogo na kuzifuata sauti hizo: zinavyosambazwa, nani huzinyamazisha ndani ya kundi, na anayethubutu kusema "sijaliona hilo kwa jirani yangu" hupokewaje na walio wake.